Barua ya Wazi kwa Kaunti ya Kisumu: Kagueni Bafu Kabla Vigae Havijalazwa

Kwa: Waziri wa Kaunti anayesimamia ardhi, nyumba na mipango ya miji, Serikali ya Kaunti ya Kisumu
Nakala: Meneja wa Jiji la Kisumu, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi

KUH: JARIBIO LA MAJI LA SAA 24 KATIKA KILA BAFU LA GHOROFANI

Mheshimiwa Waziri pamoja na maafisa wa ukaguzi wa majengo,

Mkandarasi yeyote anayejenga ghorofa mjini Kisumu anajua kwamba zege la slebu halipaswi kumwagwa kabla nondo hazijakaguliwa. Zege likishamwagwa hakuna atakayeweza tena kuhesabu nondo wala kupima nafasi kati yake, na kosa lililobaki ndani litasubiri mpaka jengo lenyewe lilitoe nje. Barua hii inaomba kanuni hiyo hiyo ifuatwe bafuni. Chini ya vigae vya bafu kuna kazi nne ambazo mwenye nyumba hazioni akikabidhiwa ufunguo: mteremko wa skridi kuelekea kwenye trapu, utando wa kuzuia maji uliopakwa juu ya skridi hiyo, mkanda uliozikwa katika kila kona, na mahali utando unapoungana na trapu. Moja ikikosewa, vigae vizuri kuliko vyote sokoni havitaokoa nyumba. Ombi langu ni kwamba kila bafu lililo juu ya chumba kingine lizibwe trapu, lijazwe maji na kuachwa hivyo kwa saa 24, na mkaguzi atazame dari la chini, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kulaza kigae.

Jambo hili lina uzito hapa kwetu kwa sababu Kisumu inapanda juu. Mitaa ya zamani ya kaunti kama Makasembo na Lumumba imepisha maghorofa ya nyumba za bei nafuu, na wawekezaji binafsi wanajenga Milimani, Mamboleo na kwenye miteremko ya Riat. Mji uliozoea bafu la ploti, ambalo maji yake yakipita sakafuni huishia ardhini bila kumdhuru mtu, sasa unajenga mabafu ambayo sakafu yake ni dari la jirani. Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inamwezesha kila mnunuzi wa nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake mwenyewe. Zamani bafu la orofa ya tatu likivuja, landilodi mmoja aliyemiliki jengo zima alibeba hasara ya pande zote mbili. Leo aliye juu na aliye chini ni wamiliki wawili tofauti, na yule wa chini hawezi kutengeneza chochote bila kubomoa sakafu isiyo yake. Kosa la fundi mmoja linageuka kesi ya majirani wawili. Nasema wazi kwamba sidai mabafu ya mradi wowote niliotaja yanavuja. Nasema tu kwamba hakuna njia ya kujua hayavuji kama hayakujaribiwa yakiwa wazi.

Tuanze na imani inayosababisha matatizo mengi, kwamba kigae hakipitishi maji, kwa hiyo bafu lenye vigae limeshazuiwa maji. Nusu ya kwanza ni kweli: kigae kigumu cha porseleni hunywa maji kidogo sana. Lakini sakafu ya bafu si kigae kimoja. Ni vigae vingi vilivyotenganishwa na mistari ya grauti, na grauti ya kawaida ni saruji yenye vinyweleo. Mtu akioga, maji kidogo hupenya kwenye mistari hiyo, hushuka kwenye gundi ya vigae, kisha kwenye skridi. Akioga tena jioni, mengine hufuata kabla ya yale ya asubuhi kukauka, hasa miezi ya Machi hadi Mei ambapo hewa ya ziwa imejaa unyevu na dirisha la bafu ni dogo. Baada ya miezi, skridi imelowa kama udongo wa shambani na maji yanatafuta njia ya kushuka. Huipata kwenye ufa mdogo wa slebu au kando ya bomba. Ndipo dari la chini linatoa doa la manjano lenye duara, rangi inavimba upande wa pili wa ukuta karibu na sakafu, na chumvi nyeupe inachomoza kwenye grauti. Ikiendelea, nondo za slebu hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege la chini hupasuka na kuanguka vipande. Tangu mwanzo, kazi ya kuzuia maji haikuwa ya kigae. Kigae ni uso wa kukanyagwa na kusuguliwa, na kizuizi ni kile kilichopo chini yake.

Kizuizi hicho huanza na mteremko, nao huamuliwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Tuchukue bafu la kawaida la nyumba ya vyumba viwili vya kulala, lenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1. Mlango uko upande mmoja, choo cha kukalia kiko katikati, na sehemu ya kuogea imechukua sentimita 90 za mwisho. Trapu iko sentimita 30 kutoka ukuta wa mwisho, katikati ya upana. Ndani ya sehemu ya kuogea sakafu inapaswa kushuka sentimita 2 kwa kila mita, na nje yake sentimita 1 kwa mita inatosha. Ukitoka kwenye trapu hadi ukingo wa sehemu ya kuogea ni sentimita 60, kwa hiyo sakafu inapanda milimita 12. Kutoka hapo hadi mlangoni ni mita 1.2, na sakafu inapanda milimita 12 nyingine. Mlangoni, basi, skridi iko milimita 24 juu ya mdomo wa trapu. Ni tofauti ndogo ambayo jicho halitaiona, ila maji yataiona, na fundi mwenye pimamaji na kamba iliyofungwa vizuri anaweza kuipata bila shida.

Shida iko kwenye hesabu ya unene. Skridi iliyoshikana na slebu haifai kuwa nyembamba kuliko milimita 25 pale ilipo nyembamba zaidi, yaani kwenye trapu. Ongeza zile 24 za mteremko, na mlangoni unene unakaribia milimita 50. Ongeza gundi na kigae, tuseme milimita 15, na sakafu iliyokamilika inafika milimita 65 juu ya slebu. Upande wa pili wa mlango, korido yenye skridi ya milimita 40 na kigae hicho hicho imefika 55. Maana yake, kama slebu ya bafu na ya korido zilimwagwa usawa mmoja, bafu litakuwa juu ya korido kwa sentimita 1, na siku trapu itakapozibwa na nywele maji yataenda sebuleni. Fundi wa vigae akikutana na hali hiyo hana ujanja mwingi. Hupunguza mteremko mpaka sakafu inakaribia kuwa tambarare, bafu likabaki na madimbwi. Dawa yake ni kuishusha slebu ya bafu kwa sentimita 5 wakati fomu za zege zinapofungwa, na hapo sakafu ya bafu itakaa sentimita 4 chini ya korido. Uamuzi huo haugharimu chochote kikubwa ukiwa kwenye karatasi, na ni wenu, Mheshimiwa, kwa kuwa michoro hupita mikononi mwa idara yako. Mchoro wa ghorofa usioonyesha kushushwa kwa slebu ya bafu urudishwe kwa msanifu kabla ya kupigwa muhuri.

Baada ya mteremko ndipo utando. Mpangilio huu mara nyingi hugeuzwa: fundi hupaka kizuia maji juu ya slebu tambarare, kisha humwaga skridi yenye mteremko juu yake. Maji yanayopenya kwenye grauti hushuka kupitia skridi mpaka kwenye utando, na pale hayana pa kwenda kwa sababu utando ni tambarare. Yanakaa. Bafu kama hilo laweza lisivuje kwa miaka, lakini litanuka uvundo na vigae vitaanza kulia vitupu vikigongwa kwa sarafu. Utando ukipakwa juu ya skridi iliyokwisha kuelekezwa, maji yaliyopita kigae hukuta mteremko ule ule na kuteleza hadi kwenye trapu. Kwa nyumba zetu aina inayofaa zaidi ni ile ya saruji iliyochanganywa na maji ya polima, ambayo ikikauka hubaki na unyumbufu kidogo, na gundi ya vigae huishika bila tatizo. Hupakwa kwa brashi mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, mpaka unene ufike kama milimita 2. Mikono hiyo ikiwa na rangi mbili, kijivu kisha nyeupe, mkaguzi ataona kwa jicho mahali brashi iliporuka.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Katika bafu letu la mfano, sakafu ni mita za mraba 3.15. Kuta tatu za sehemu ya kuogea zina jumla ya mita 3.3 za urefu, na zikipakwa hadi kimo cha mita 2 zinatoa mita za mraba 6.6. Kuta zilizobaki hupakwa sentimita 30 kutoka sakafuni, na ukitoa mlango hiyo ni karibu mita 1 ya mraba. Jumla inakaribia 11. Kwa kilo tatu na nusu hivi kwa kila mita ya mraba, bafu zima linakula karibu kilo 40. Cha muhimu zaidi ni hali ya uso unaopakwa. Skridi iwe imekomaa, imesafishwa vumbi, na imenyunyiziwa maji kidogo bila kuacha dimbwi. Plasta ya ukutani iwe ya saruji na mchanga, kwa kuwa utando uliopakwa juu ya pati nyeupe ya kulainishia kuta utabanduka pamoja nayo. Na katika joto la Kisumu kazi ifanywe asubuhi, kwa sababu saa nane mchana uso wa mchanganyiko hushika ngozi kabla chini hakujakauka, na ngozi hiyo hupasuka.

Niseme zaidi kuhusu kona, kwa maana utando unaovuja kwa kawaida huanzia hapo. Sakafu na ukuta ni vitu viwili vilivyojengwa siku tofauti. Slebu hupinda kidogo inapobebeshwa uzito, ukuta hunywea unapokauka, na jua la mchana likipiga ukuta wa nje hutanuka na usiku hurudi. Mwendo wote huo hukutana kwenye mstari mmoja, ule wa kona. Utando wa milimita 2 ulionyooshwa juu ya mstari huo hauwezi kutanuka kiasi cha kufuata ufa unaofunguka chini yake, hata uwe wa aina ghali. Kwa hiyo kona hutengenezwa peke yake. Kwanza fundi huondoa uchafu na kujaza pembe kwa mota, akiizungusha kidogo kwa kidole au chupa ili isibaki kali. Kisha hupaka mkono mmoja wa mchanganyiko pande zote mbili, na ungali mbichi hulaza mkanda wenye raba katikati na kitambaa pembeni, akiuzamisha kwa mwiko mpaka kitambaa kinywe mchanganyiko na mapovu ya hewa yatoke. Juu yake hupita mkono wa pili. Katikati pale penye raba mkanda huachwa ukiwa na nafasi ya kucheza. Mahali kuta mbili na sakafu zinapokutana, mkanda haukunjwi ovyo; hutumika kipande kilichotengenezwa tayari kwa umbo la pembe, au mkanda hukatwa na kupandanishwa kwa angalau sentimita 5. Bafu letu linahitaji karibu mita 11 za mkanda: mita 6 na nusu kuzunguka sakafu, mita 4 kwa kona mbili za kusimama za sehemu ya kuogea, na vipande vichache. Mwishoni, vigae vikishawekwa, mstari wa kona hujazwa silikoni. Grauti ni ngumu, na ikiwekwa hapo itapasuka kabla ya mwaka kwisha.

Sehemu ya nne ni trapu, ambayo ni tundu tulilotoboa wenyewe kwenye sakafu tunayotaka isipitishe maji. Bomba la plastiki na zege havishikani vizuri. Fundi bomba akiacha nafasi kuzunguka trapu na kuijaza vipande vya matofali na mota nyepesi, maji yatapita hapo hata kama sehemu nyingine zote ni kamili. Nafasi hiyo hujazwa zege laini lisilonywea, shingo ya trapu hukwaruzwa kwa msasa, kisha utando pamoja na kola yake ya kitambaa hushushwa hadi ndani ya mdomo wa trapu. Kimo cha mdomo huo kiwe sawa na uso wa utando. Fundi anayeuinua ulingane na kigae tu huyafungia nje maji yaliyo chini ya kigae.

Sasa jaribio lenyewe. Utando ukishakomaa kwa siku zilizoandikwa na mtengenezaji, trapu huzibwa kwa kizibo cha mpira, na mlangoni hujengwa kizingiti kidogo cha muda. Maji hujazwa hadi pale sakafu ilipo juu zaidi, mlangoni, pawe na kina cha milimita 25. Kwenye trapu kina kitakuwa karibu milimita 50. Kwa bafu la ukubwa wetu hayo ni maji ya mitungi 6 ya lita 20. Alama huchorwa ukutani kwa penseli kwenye usawa wa maji. Kando yake, ndani ya bafu hilo hilo, huwekwa beseni la maji lenye alama yake, kwa kuwa katika hewa yetu ya moto maji hupungua yenyewe kwa milimita kadhaa, na bila beseni mkandarasi atasema kila upungufu ni mvuke. Baada ya saa 24 vipimo viwili hulinganishwa. Vikiwa vimeshuka sawa, na slebu kwa chini ni kavu kuzunguka bomba na kwenye kingo, bafu limefaulu. Ukaguzi wa chini ufanyike kabla dari halijapigwa plasta. Gazeti kavu likibandikwa kwenye zege litaonyesha unyevu ambao jicho halijauona.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi ya pendekezo hili. Ya kwanza ni gharama: nyumba za bei nafuu zitaachaje kuwa za bei nafuu tukiongeza masharti? Ni swali halali, hasa kwa mfanyakazi anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizo chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Lakini tuangalie ni nini hasa kinachoongezwa. Skridi ilikuwa ijengwe hata hivyo, na kuielekeza hakuhitaji saruji nyingi zaidi. Kinachoongezeka ni kilo 40 za utando, mita 11 za mkanda, na siku mbili au tatu za fundi. Upande wa pili kuna gharama ya kutengeneza bafu lililovuja: vigae vyote hupasuliwa, skridi hutolewa kwa patasi, choo na sinki hung'olewa, kazi hiyo ya utando hufanywa ile ile, kisha vigae vipya hununuliwa na dari la jirani hupigwa plasta na rangi. Anayetengeneza hakwepi utando. Huununua kwa kuchelewa, pamoja na kila kitu kinachoufunika. Tofauti ni kwamba gharama ya mwanzo ni ya mjenzi, na ya baadaye humwangukia mnunuzi.

Hoja ya pili hutoka kwa mafundi wenyewe, kwamba wao hutia dawa ya kuzuia maji ndani ya mota ya skridi na hiyo inatosha. Dawa hiyo ina faida. Hupunguza vinyweleo na maji hupita polepole. Lakini hufanya kazi ndani ya skridi, na skridi iliyo na dawa hupasuka sawasawa na isiyo nayo. Ufa mmoja mwembamba chini ya miguu ya mwogaji unafuta faida yake. Wala dawa hiyo haifiki kwenye kona wala kwenye shingo ya trapu, mahali ambapo tumeona maji hupendelea. Fundi anayeiamini hana sababu ya kuliogopa jaribio. Kama skridi yake itashika maji kwa saa 24 beseni litathibitisha, ingawa kona isiyo na mkanda inaweza kufaulu leo na kufunguka baada ya mwaka. Kwa sababu hiyo mkaguzi auone mkanda kabla haujafunikwa, pamoja na kuyaona maji.

Ya tatu ni muda na maji. Jengo lenye mabafu 40 litasimama siku 40? Hapana. Mabafu ya orofa moja hujazwa siku moja, na kesho yake maji hayo hayo huhamishiwa kwenye orofa inayofuata kwa pampu ndogo. Mitungi 6 kwa bafu si mzigo katika eneo la ujenzi ambalo hunyunyizia zege maji kwa siku saba mfululizo. Wakati orofa moja inajaribiwa, mafundi wa vigae wako kwenye orofa iliyokwisha kufaulu.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, na wananchi huisema kwa sauti ya chini: ukiongeza ukaguzi, umeongeza mlango wa hongo. Siwezi kuipuuza. Ninachosema ni kwamba jaribio hili ni gumu kulighushi kuliko ukaguzi mwingi tulio nao, kwa kuwa matokeo yake hayategemei maoni ya ofisa. Maji yamebaki au hayakubaki, na picha ya beseni, ya alama ya ukutani na ya slebu kwa chini, yenye tarehe na namba ya nyumba, inaweza kukaguliwa na yeyote baadaye. Msimamizi wa kazi wa mradi atie saini kwa kila bafu, na ofisa wa kaunti achague mwenyewe, bila taarifa, mabafu machache katika kila orofa ya kurudiwa mbele yake. Nakala za picha apewe mnunuzi pamoja na hati yake. Bafu likivuja baadaye, mnunuzi ataweza kuonyesha kama lilijaribiwa au halikujaribiwa, na aliyesaini atajulikana.

Pendekezo langu lina mipaka, na ni vyema itajwe ili lisidaiwe lisichoweza. Maji yaliyosimama sakafuni hayajaribu kuta za kuogea, kwa hiyo kuta hukaguliwa kwa jicho: mikono miwili, rangi mbili, mkanda kwenye kona na kola kila bomba linapotokeza. Jaribio halionyeshi bomba la presha linalovuja ndani ya ukuta. Hilo hupimwa kwa kufunga mifereji yote na kutazama mita ya KIWASCO. Ikiendelea kuzunguka, tatizo ni la bomba, ilhali uvujaji wa sakafu hufuata saa za watu kuoga. Jaribio pia haliulindi utando baada ya maji kutolewa. Fundi anayefunga choo kwa kutoboa skrubu sakafuni ameutoboa utando uliofaulu jana, na tundu hilo lazima lijazwe kizibaji, au choo kishikwe kwa gundi. Mwisho, sisemi sheria hii ifuatwe kwa bafu la chini lililokaa juu ya ardhi huko Nyalenda au Manyatta. Mwenye ploti ndogo asiongezewe foleni ya ofisini kwa bafu ambalo haliko juu ya kichwa cha mtu.

Kanuni za Taifa za Majengo za 2024, zilizoanza kutumika Machi 1, 2025 na kuziondoa zile za mwaka 1968, zimewapa msingi mpya wa kufanyia kazi. Ndani ya mamlaka yenu ya kuidhinisha michoro na kukagua ujenzi kwa hatua, ninaomba mambo matatu. Kwanza, mchoro wa kila ghorofa uonyeshe slebu ya bafu iliyoshushwa, mteremko kwa vipimo, na kimo cha utando ukutani. Pili, hatua moja iongezwe kwenye orodha ya ukaguzi, baada ya utando na kabla ya vigae, ikiwa na jaribio la saa 24 kama lilivyoelezwa. Tatu, cheti cha kuruhusu watu kuhamia kisitolewe kwa ghorofa ambayo kumbukumbu za jaribio hilo hazimo kwenye faili. Nyumba za kaunti yenyewe ndizo mahali pa kuanzia, kwa kuwa pale serikali ndiyo mteja na haihitaji kumwomba mtu ruhusa. Orofa moja ikijaribiwa katika mradi unaoendelea sasa, mtapata majibu kesho yake asubuhi, na mtajua kama sharti hili lilihitajika.

Wenu mwaminifu,
Mkazi wa Kisumu